Shifti ya pili ya binti wa Gredi ya Nane

Kwenye ploti yetu hapa Pipeline kuna msichana wa miaka 14 ambaye hupanda ngazi hadi orofa ya tano saa kumi kasorobo kila siku ya shule. Mkono mmoja ameshika mkono wa ndugu yake wa miaka sita, mwingine amembeba kitinda mimba wa miaka mitatu aliyemtoa deikea. Begi lake la shule liko mgongoni. Mama yake hushona nguo EPZ Athi River na baba ni wa mjengo. Wa kwanza kufika nyumbani hufika saa moja na nusu usiku, na hapo ni kama Mombasa Road haijafungana.

Fanya hesabu. Saa kumi kasorobo hadi saa moja na nusu ni karibu saa nne. Kwa siku tano ni kama saa 19 kwa wiki. Hiyo ni karibu nusu ya kazi ya mtu mzima wa ofisi, na bado hatujataja hombaki.

Najua kuna watakaosema, "Si sisi wote tulilea wadogo wetu?" Ni kweli, mimi mwenyewe nililea wangu. Lakini kuna kitu kimebadilika na hakizungumzwi sana. Chini ya 8-4-4, wengi wa umri huu walikuwa wanaingia kidato cha kwanza, na si haba walienda bweni. Tangu Januari 2023, Gredi ya Saba hadi ya Tisa iko ndani ya shule za msingi, na watoto wengi wa mitaa kama yetu husoma kutwa. Mwishoni mwa 2022, Katibu wa Elimu Belio Kipsang alitangaza kwamba bweni zingeondolewa kwa Gredi ya Kwanza hadi ya Tisa, ili wazazi wakae na watoto wao. Bweni zote hazikufungwa, lakini mantiki ya tangazo ilibaki: mtoto akae nyumbani. Swali ambalo hakuna aliyeuliza ni nani yuko hapo nyumbani saa kumi jioni.

Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinasema masomo ya shule ya kutwa yaishe saa tisa na nusu, kisha michezo na vilabu hadi saa kumi na dakika 45. Huyu jirani yangu alikuwa kwenye timu ya voliboli. Aliacha muhula wa kwanza, kwa sababu deikea humtaka mtoto achukuliwe kabla ya saa kumi. Hakuna aliyemwambia aache. Ratiba ndiyo iliyomwambia.

Na sheria je? Sheria ya Watoto ya 2022 inakataza kumtelekeza mtoto, ila haitaji umri ambao mtoto anaweza kuachiwa wengine. Mahali penye kipimo ni kwenye Sheria ya Ajira ya 2007: mtoto wa miaka 13 hadi 16 anaweza kuajiriwa kwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kuharibu masomo yake. Kulea ndugu si ajira, sawa. Lakini mimi naona kipimo hicho ni kizuri hata nyumbani. Je, hii kazi ni nyepesi? Je, inaharibu shule?

Uzito wenyewe uko kwenye usalama. Mwanzoni wazazi wake walikuwa na mpango ambao utaukuta kwa milango mingi: watoto waingie, jirani afunge kufuli kwa nje, ndio wasitoke wala mtu asiingie. Wazo linaeleweka, mtaa unajulikana. Ila nyumba ya chumba kimoja yenye mtungi wa gesi na dirisha la vyuma ina mlango mmoja tu wa kutokea. Moto ukianza, anayeshika funguo ndiye anayeamua nani atatoka, na pengine ameenda sokoni. Sasa wanafunga kwa ndani kwa komeo ambalo binti analifikia bila stuli, na funguo ya akiba iko kwa mama wa mlango wa tatu.

La pili ni jiko. Walikubaliana kwamba hakuna kuwasha kitu chochote kabla mzazi hajafika. Mama hupika asubuhi, githeri inakaa kwenye hotpoti na chai kwenye thamosi. Valvu ya gesi hufungwa kwenye mtungi, si kwenye kitufe cha jiko peke yake. Jiko la makaa haliingii ndani hata kukiwa na baridi ya Julai, kwa sababu hewa yake haina harufu na huua watu wakiwa wamelala.

La tatu nililiona mwenyewe nikashtuka: mafuta taa kwenye chupa ya soda, chini ya sinki. Mtoto wa miaka mitatu hasomi lebo, anajua umbo la chupa. Akinywa, usimtapishe na usimpe maziwa, maana akitapika mafuta yanaweza kuingia mapafuni. Mpeleke hospitali pamoja na ile chupa. Akiungua, weka maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno na unga achia kazi yake. Nilimuuliza binti kama aliambiwa haya. "Niliambiwa tu niwaangalie vizuri," akasema. Hilo si agizo, hiyo ni lawama inayongoja siku yake.

Kuna mtu sijamtaja. Ana kaka wa kidato cha tatu, shule ya kutwa, ambaye hufika saa kumi na mbili baada ya mpira. Mpira wake haujawahi kusimamishwa na ratiba ya deikea. Utafiti wa serikali wa 2021 kuhusu matumizi ya muda ulionyesha kwamba wanawake Kenya hutumia takriban mara tano ya muda wa wanaume kwa kazi za nyumbani zisizolipwa. Hiyo tabia haianzi mtu akiolewa, huanza kwa ngazi za orofa ya tano.

Binti mwenyewe ndiye aliyeanzisha mazungumzo, Jumapili moja baada ya chakula. Hakusema amechoka. Alichukua karatasi akaandika saa zake za wiki nzima, akampa baba. Baba alinyamaza kidogo, kisha akamwita kijana. Sasa Jumanne na Alhamisi kaka ndiye huchukua mtoto deikea, naye binti amerudi voliboli. Siku nyingine mama wa mlango wa tatu hukaa na wadogo kuanzia saa kumi na mbili ili binti afanye hombaki kwenye ngazi, ambako kuna taa. Kwa malipo, mama yao huchukua wa jirani Jumamosi.

Walikubaliana pia mambo mawili ambayo naona ni ya maana zaidi. Hana ruhusa ya kuwachapa wadogo, wakikataa kusikia anampigia mama. Na kikombe kikivunjika akiwa zamu, hachapwi yeye. Kabla ya hapo alikuwa anaficha vitu, na mtoto anayeficha kikombe kilichovunjika ataficha pia mtoto aliyeanguka kichwa. Namba ya mama, ya jirani na 116, simu ya bure ya kusaidia watoto, zimeandikwa kwa kalamu nyuma ya mlango.

Ijumaa bado ni tatizo. Mama ana ovataimu, kaka ana mechi, na mama wa mlango wa tatu huenda kesha. Nilipomuuliza binti anafanyaje siku hiyo, alicheka. "Braza, Ijumaa tunafunga komeo, tunalala chini sote, nawasomea kitabu cha Gredi ya Kwanza mpaka nasinzia mimi wa kwanza."