Bei ya ufunguzi itajwe mwisho wake tangu siku ya kwanza
Mwandishi, hapo kwenye "toa taarifa wiki mbili kabla" ya kupandisha bei, nakuunga mkono nusu tu. Mimi napeleka chakula cha mchana maofisini hapa Dar. Nilianza kwa sahani shilingi 3,000 bila kumwambia mtu kuwa ni bei ya kuanzia, kwa hiyo nilipotangaza 4,000 watu waliona nimewapandishia, si kwamba ofa imeisha. Nilipoongeza juisi nilijifunza: tangu siku ya kwanza nikaandika "bei 2,000, ofa ya ufunguzi 1,500 hadi tarehe 30". Hakuna aliyenuna. Na nyie mnaosema wateja wa mwanzo wabaki na bei ya zamani daima, pigeni hesabu kwanza. Sahani ilinigharimu 2,700, nikabaki na 300. Wale ishirini wa mwanzo niliwapa mwezi mmoja zaidi, nikamwandikia kila mmoja peke yake: "Sahani sasa ni 4,000. Wewe ulitupokea tukiwa wageni, utalipa 3,000 hadi mwisho wa mwezi." Ningeweka kwenye grupu, wapya nao wangedai. Halafu msisingizie mafuta ya kupikia kupanda, yakishuka mtaulizwa.