Barua Fupi kwa Mshirika Usiyemjua

Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, familia nyingi za Kigali zimezidi kukitumia katika biashara na majirani wa upande wa pili wa Rusumo. Kazi huanza kwa ujumbe mfupi wa simu kwa mtu ambaye hawajapata kuonana naye. Aghalabu ujumbe huo haujibiwi. Si kwamba aliyeupokea ni mwenye kiburi, ila hakuona ndani yake jambo la kujibu.

Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini kasoro zake huonekana kila siku. Ushirika wa wanawake 18 wa Kimironko, wengi wao wake wa askari jeshi na polisi, unataka kupata mchele kutoka kwa mwenye kinu cha kukoboa huko Kahama, Tanzania, ili uugawe katika vifuko vidogo na kuuza mtaani. Katibu wa ushirika aliandika hivi:

“Mheshimiwa Mkurugenzi, salaam nyingi zikufikie popote ulipo pamoja na familia na wafanyakazi wako wote. Sisi ni akina mama wachapakazi tulioanza kwa shida nyingi na sasa tumepiga hatua. Tumesikia sifa zako na tungependa kuanzisha ushirikiano wenye manufaa kwa pande zote mbili. Tafadhali tueleze mnauza nini, bei zenu, usafiri, masharti ya malipo, na kama mnaweza kuja Kigali tuzungumze. Mwenyekiti wetu ni mke wa Meja. Tunasubiri jibu lako kwa hamu.”

Maneno hayo yana adabu, lakini mwenye kinu hawezi kuyafanyia kazi. Ameulizwa maswali matano kwa mara moja. Akitaka kujibu la bei, hana budi kwanza kujua ni kiasi gani cha mchele, wa daraja gani, na utapokewa wapi. Kwa hiyo huweka simu kando akidhamiria kujibu jioni, na jioni haifiki.

Hatua ya kwanza ya kusahihisha ni kuchagua swali moja. Ushirika hauna budi kujiuliza: jibu gani moja, likipatikana leo, litasogeza kazi mbele? Hapa jibu hilo ni kama mwenye kinu aweza kutoa mzigo mdogo wa majaribio kwa tarehe fulani. Maswali mengine yote yangoje mazungumzo ya simu.

Hatua ya pili ni kuweka kipimo mahali pa sifa. “Ushirikiano wenye manufaa” si kipimo. Kilo 1,000 ni kipimo. Viroba 40 vya kilo 25 ni kipimo. Chenga zisizozidi 5 kwa mia ni kipimo anachokifahamu kila mkoboaji. Kiasi hicho nacho kina sababu yake. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Kimarekani, ya bidhaa zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, huweza kupewa cheti chepesi cha asili pale pale mpakani. Kilo 1,000 hubaki ndani ya kiwango hicho maadamu bei haizidi dola 2 kwa kilo. Cheti hicho hakiondoi ukaguzi wa afya ya mazao, lakini hupunguza safari za ofisini kwa mwenye mzigo mdogo.

Hatua ya tatu ni kuondoa hofu ya utapeli. Mpokeaji wa ujumbe wa mgeni hujiuliza mambo mawili: huyu ni nani, na namba yangu ameipata wapi? Yajibiwe katika sentensi za mwanzo, kwa kuwa kioo cha simu huonyesha maneno machache tu kabla ujumbe haujafunguliwa. Namba ya usajili wa ushirika yatosha kujitambulisha. Kama namba ya simu ilitolewa na dereva wa lori, dereva huyo atajwe jina, baada ya yeye mwenyewe kuridhia. Mwenye kinu atampigia dereva kabla ya kujibu, na hilo ni jambo jema.

Hatua ya nne yahusu hasa nyumba za askari. Cheo cha mume kiachwe. Mwandishi hudhani kitaongeza heshima, lakini mpokeaji huona uzito ambao hakuuomba. Akiona vigumu kusema “hapana” kwa nyumba ya Meja, hatasema lolote. Tena cheo ni cha utumishi, wala si mali ya duka. Vivyo hivyo na salaam: zisifutwe kabisa, maana barua ya Kiswahili isiyo na salaam huonekana kama amri. Zipunguzwe hadi neno moja au mawili, kisha shughuli ianze.

Baada ya kusahihishwa, ujumbe ule ulikuwa hivi, ukifuatiwa na jina la katibu na namba ya usajili:

“Salaam, ndugu. Sisi ni ushirika wa wanawake 18 wa Kimironko, Kigali. Namba yako tumepewa na dereva anayebeba mchele wako hadi Rusumo. Jina lake liko hapa chini. Tunatafuta kilo 1,000 za mchele kwa majaribio, chenga zisizozidi 5 kwa mia, katika viroba vya kilo 25. Tutaupokea Rusumo na kulipa papo hapo baada ya kupima. Je, waweza kuufikisha kabla ya tarehe 20 Juni? Ukijibu ‘ndiyo’, nitakupigia Jumatatu saa 4 asubuhi ya Tanzania tupatane bei. Ukijibu ‘hapana’, hatutakusumbua tena.”

Sasa neno moja latosha kuwa jibu. Hata “hapana” ina faida, kwa kuwa ushirika utajua mapema kwamba utafute kinu kingine. Saa nayo imetajwa kwa nchi yake, maana Kigali iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Saa 4 ya Kahama ni saa 3 ya Kimironko. Haifai pia kuahidi mazungumzo asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wakati wanachama wako katika kazi ya umuganda.

Kabla ya kutuma, ujumbe usomwe na mtu wa nyumbani asiyejua habari ya mchele huo. Aulizwe mambo matatu: nani ameandika, anataka nini, na mpokeaji ajibu nini. Akikwama katika moja, kasoro iko hapo hapo, nayo irekebishwe bila kuongeza sentensi mpya penye nafasi ya kubadili ya zamani.

Jibu lisipokuja kwa muda wa wiki moja, utumwe ukumbusho mmoja tu wenye swali lile lile na tarehe mpya. Ukinyamaziwa tena, jambo liishie hapo. Likija jibu la “ndiyo” likifuatana na ombi la fedha za kutangulia kabla mzigo haujaonekana, ushirika usimame kwenye maneno yake ya awali: malipo ni Rusumo, baada ya kupima. Mfanyabiashara wa kweli aweza kubishana juu ya bei au tarehe. Asiyekuwa na mchele atabishana juu ya mizani.