Tuvune majani ya pachuli, mizizi ya vetiva tuiache kwenye mteremko

Tangu habari ilipofika vijijini kwamba wanunuzi wa manukato wanatafuta mafuta ya pachuli na ya vetiva, kila tunapokutana na vikundi hapa Kindu swali ni moja: "Ile vetiva yetu ya kwenye korongo, si tuing'oe tu tuikamue?" Tunaelewa. Mtu anaona mali imelala kwenye udongo, na mtoto anadaiwa pesa ya shule. Lakini sisi tunasema hapana, na tunataka kueleza kwa nini, maana hii si habari ya kukataza watu franka.

Tuanze na harufu yenyewe. Mafuta ya limau ukiyadondosha kwenye karatasi, kufikia jioni yameshaondoka. Ya pachuli utayanusa kesho, kesho kutwa, na hata wiki ijayo. Chembe zake ni nzito, zinapanda hewani polepole. Za vetiva nazo ni hivyo hivyo. Mtengeneza manukato anaziweka chini kama msingi, ili harufu nyepesi za maua na matunda zisikimbie haraka. Zamani, karne ya 19, shali za India zilisafirishwa Ulaya zikiwa na majani ya pachuli katikati ili nondo wasizile. Wanunuzi wakazoea ile harufu mpaka wakawa wanatambua shali ya kweli kwa pua.

Uzito huohuo ndio unaoleta kazi kwenye pipa. Kitu kizito hakitoki na mvuke haraka. Majani makavu ya pachuli yanataka saa sita mpaka nane za moto usiopungua, na mapipa ya kijijini mara nyingi yanazidi hapo. Mizizi ya vetiva inataka mchana na usiku. Hesabu kuni zake! Tena sehemu ya mafuta ya vetiva ni nzito kuliko maji. Ya pachuli yanaelea juu ya maji, unayachota bila shida. Ya vetiva mengine yanaelea, mengine yanazama, mengine yanabaki katikati, na asiyejua anayamwaga pamoja na maji.

Halafu kuna shamba. Vetiva inaota kwa kugawanya mashina, na mizizi yake inashuka mpaka mita tatu. Ndiyo maana inashika udongo wa korongo wakati mvua inapopiga. Ili mizizi iwe na mafuta mazuri, inabidi ikae ardhini mwaka mmoja au mwaka na nusu, kisha unaichimba yote. Ukiichimba mapema unapata mafuta kidogo na mepesi, na bado umeshafungua udongo. Haiti, nchi inayoongoza duniani kwa mafuta ya vetiva, wamechimba kwenye miteremko na mvua imechukua udongo wao. Kama kikundi kinataka vetiva ya mafuta, kiipande kando, mahali tambarare penye mchanga, ambapo mizizi inatoka bila kukatika. Mistari ya kwenye korongo ibaki. Ile inalinda nyumba za watu.

Pachuli ndiyo tunayoipendelea, kwa sababu ya majani. Unakata, mche unabaki, unachipua tena. Unapanda vipande vya matawi, kwanza kwenye kitalu chenye kivuli mpaka vitoe mizizi. Kivuli cha ndizi kinafaa, kisiwe giza tu. Hapa kwetu ni vizuri miche iingie shambani mwezi wa tisa, mvua inaporudi, ili mwezi wa pili au wa tatu ukate mara ya kwanza. Baada ya hapo unakata kila miezi mitatu au minne. Acha tawi moja lenye majani kwenye kila mche, maana ukikata yote unaua. Usichukue vipande kwenye mche wenye majani yaliyokunjamana au yenye madoa ya manjano, kwa sababu ugonjwa unasafiri na kipande. Usipande palipotoka nyanya au biringanya: vijinyoo vya mizizi vinangojea palepale. Baada ya miaka miwili au mitatu hamisha shamba, kwani pachuli inakula udongo sana. Majani yaliyotoka kwenye pipa yarudishe shambani.

Sasa tuchukue pipa moja la lita 200. Tuseme kila mche unatoa nusu kilo ya majani mabichi, na unayo miche 150. Hiyo ni kilo 75. Ukianika kivulini siku tatu mpaka tano, ukigeuzageuza ili yasiote ukungu, zinabaki kama kilo 15. Hapa wengi wanakosea, wanaona ni hasara. Sivyo. Majani mabichi yanatoa mafuta kidogo sana, kwa sababu mafuta mengine yamefungwa ndani ya jani. Likikauka, ndipo mvuke unaweza kuyafikia. Jani lililo tayari linavunjika ukilikunja, na harufu yake imekuwa kali kuliko siku ya kukata. Kwa kilo 15, kama kazi imekwenda vizuri, unapata kama gramu 300. Ndiyo, gramu. Ni chupa ndogo.

Aliyewahi kuona lutuku ikipikwa ameshajua nusu ya kazi: pipa, bomba, maji baridi. Nusu nyingine ni hii. Majani yakae juu ya wavu, yasiguse maji, la sivyo yanaungua na mafuta yananuka moshi. Tena msizime moto mapema kwa sababu mnaona matone yamepungua. Yale ya mwisho ndiyo mazito, ndiyo anayoyatafuta mnunuzi. Na pipa la chuma cha kawaida linafanya mafuta yawe meusi kwa kutu. Chuma kisichoshika kutu ni ghali, lakini mafuta yake yanatoka ya manjano safi.

Kuna jambo jingine tunalisema wazi. Mtu mmoja akichanganya mawese kwenye chupa ili ijae, kikundi kizima kinapoteza mnunuzi. Kulijua si vigumu. Tia tone moja la mafuta kwenye matone kumi ya alkoli ya digrii 90, ile ya duka la dawa, tikisa. Pachuli safi inayeyuka, maji yanabaki angavu. Penye mawese panakuwa na ukungu. Kila kikundi kifanye hivyo mbele ya wanachama wote kabla ya kumimina kwenye chombo kimoja.

Kuhusu usafiri, kwa mara moja tumebahatika. Mpunga na ndizi vinaharibika vikingojea treni au balenieri kwenye Lualaba. Mafuta ya pachuli yakikaa muda yanalainika na kuwa bora, mradi chombo kiwe cha kioo au alumini, kimejaa mpaka shingoni, kimefungwa sana na kiko gizani. Bidoni ya plastiki hapana, mafuta yanaila.

Tunashauri kikundi kisinunue pipa bado. Pandeni miche 150, azimeni pipa, toeni ile chupa moja, mpelekeeni mnunuzi ainuse na kuipima. Akitaja bei, ondoeni kuni na siku za kazi, halafu ndipo mkutano ukae kuzungumza habari ya pipa.