Bei ya saa moja kiwandani: vijana wa Mpendae wapige hesabu kabla ya kutia saini

Soko la ajira za viwandani lina kasoro ambayo soko la Darajani halina. Darajani mnunuzi wa mchele huuliza bei ya kilo kabla ya kuuliza bei ya gunia. Lakini kijana wa Mpendae anapoitwa kazini katika eneo la viwanda, iwe Fumba hapa Unguja, Mabibo kule Dar es Salaam au Athi River nchini Kenya, swali la kwanza la nyumbani huwa moja tu: mshahara kiasi gani kwa mwezi? Gunia linatajwa, kilo haitajwi. Kilo ya ajira ni saa moja ya kazi, na ndani ya saa hiyo mna usalama wa mikono, macho na mapafu ya mfanyakazi.

Chukua mfano wa viwanda viwili vya nguo vilivyo Tanzania Bara katika eneo moja la viwanda. Kiwanda cha kwanza kinatoa shilingi 390,000 kwa mwezi kwa saa 45 za wiki, na saa za ziada hulipwa peke yake. Cha pili kinatoa shilingi 430,000, lakini kazi ni siku 6 kwa wiki, saa 10 kila siku bila kuhesabu chakula cha mchana, na meneja husema ovataimu "imeshaingizwa ndani ya mshahara". Watu wengi wangekimbilia cha pili, kwani shilingi 40,000 si haba.

Sasa hesabu ifanywe kama sheria inavyotaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Bara, inaweka kiwango cha juu cha saa za kawaida kuwa saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, kwa siku zisizozidi 6. Ili kupata thamani ya saa moja, mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha kwa saa za kawaida za wiki. Shilingi 390,000 zikigawanywa hivyo zinatoa 90,000 kwa wiki, na kwa saa 45 ni shilingi 2,000 kwa saa. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani 3,000. Anayeitwa siku yake ya mapumziko ya wiki hulipwa mara mbili, yaani 4,000 kwa saa.

Kiwanda cha pili kinadai saa 60 kwa wiki, maana yake 15 za ziada. Kama kiwanda cha kwanza kingetaka saa hizo hizo, kingelipa 45,000 za ziada kila wiki, karibu 195,000 kwa mwezi, na mfanyakazi angeondoka na 585,000. Wa kiwanda cha pili anaondoka na 430,000 kwa jasho lile lile. Ukirudi nyuma na kutafuta saa yake ya kawaida ina thamani gani, inakuja kama shilingi 1,470. Mshahara ulioonekana mkubwa umeuza kila saa kwa bei ya chini kwa zaidi ya robo.

Tena kuna jambo la pili. Sheria hiyo hiyo hairuhusu saa za ziada kuzidi 50 katika mzunguko wa wiki 4, na inataka ziwepo kwa makubaliano, si kwa amri. Saa 15 kwa wiki mara 4 ni 60. Kwa hiyo kiwanda cha pili hata kingelipa kila senti, bado kingekuwa nje ya sheria. Hapa ndipo wengi hukosea: hudhani ovataimu ni suala la malipo tu. Kikomo kimewekwa kwa sababu ya mwili. Aliyekaa kwenye cherehani ya umeme saa 10 mfululizo wa siku 6 mkono wake huchelewa, na sindano haichelewi.

Ipo pia hila ndogo ya kwenye makaratasi, nayo ni ya kawaida. Karani hugawanya mshahara wa mwezi kwa 240, akidai ni siku 30 kwa saa 8. Lakini hakuna afanyaye kazi siku 30 za mwezi. Kwa hesabu hiyo saa ya 2,000 inageuka 1,625, na ya ziada inakuwa 2,437 badala ya 3,000. Kwa saa 50 za ziada mfanyakazi amepoteza zaidi ya shilingi 28,000. Njia ya kugundua ni rahisi: achukue malipo ya ovataimu kwenye slipu ya mshahara, ayagawanye kwa idadi ya saa alizoziandika mwenyewe katika daftari lake, kisha aone kama jibu ni moja na nusu ya saa yake ya kweli. Daftari hilo lina kazi nyingine. Madai ya malipo Bara hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na anayekwenda bila kumbukumbu huenda mikono mitupu.

Anayefikiria Athi River abadilishe kipimo. Kenya imeweka wiki ya kawaida kuwa saa 52 kwa wafanyakazi walio chini ya amri ya jumla ya mishahara, ndipo ovataimu ianze kwa mara moja na nusu. Hizo ni saa 7 zaidi ya Bara kabla malipo ya ziada hayajagusa mfuko. Kwa mshahara wetu wa mfano, saa 7 hizo Bara zingelipwa 21,000 kwa wiki, karibu 91,000 kwa mwezi. Kwa hiyo mshahara wa Athi River uliobadilishwa kwa shilingi ya Tanzania lazima uzidi wa Mabibo kwa kiasi hicho ndipo viwe sawa, na bado nauli na kodi ya chumba havijaguswa. Migomo iliyozuka katika viwanda vya nguo vya Athi River mwanzoni mwa 2003 haikuwa ya mshahara peke yake. Mazingira ya kazi na saa zake yalikuwamo.

Kuhusu vifaa vya kinga, kosa la kawaida ni kuhesabu glovu na barakoa kana kwamba ndizo usalama wenyewe. Kwa utaratibu unaokubalika na wakaguzi, kinga ya mwilini ni mstari wa mwisho. Kwanza huondolewa hatari yenyewe, kisha mashine huwekewa kizuizi, na baadaye ndipo mtu huvishwa. Cherehani ya kiwandani iwe na kikinga sindano na kifuniko cha mkanda. Mkata vitambaa kwa kisu cha umeme anastahili glovu ya waya wa chuma mkono unaoshika kitambaa. Lakini glovu ya kitambaa mbele ya mashine inayozunguka ni mtego, kwa kuwa hushikwa na kuvuta mkono mzima.

Mfano mkali zaidi ni wa suruali za jinzi. Kule Uturuki, vijana waliokuwa wakipuliza mchanga kwenye jinzi ili zionekane zimechakaa walipata ugonjwa wa mapafu wa vumbi la mchanga, usio na dawa ya kuuponya, na mwaka 2009 serikali ikaipiga marufuku kazi hiyo. Barakoa ya kitambaa haikuweza kuwaokoa. Anayeahidiwa kazi ya "kufinisha jinzi" aulize kwanza inafanywa kwa nini: mchanga, dawa ya kupuliza, au msasa wa mkono.

Vifaa hivyo ni gharama ya mwajiri, si ya mfanyakazi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Bara ya mwaka 2003 na ile ya Kenya ya 2007 zinakubaliana hapo. Kama kile kiwanda cha pili kinakata shilingi 25,000 za viatu na glovu, basi 430,000 imeshakuwa 405,000. Na kama slipu inaonyesha mfanyakazi akikatwa mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, hilo nalo ni kosa, kwani mchango huo hulipwa na mwajiri peke yake.

Cheti kilichotundikwa mapokezi kisimpumbaze mtu. Kiwanda cha Ali Enterprises cha Karachi kilipewa cheti cha SA8000 Agosti 2012. Tarehe 11 Septemba mwaka huo huo kiliungua na zaidi ya watu 250 wakafa, milango ikiwa imefungwa na madirisha yana nondo. Siku ya usaili, basi, mtu atembee mpaka mlango wa dharura na ausukume. Ukifunguka kuelekea nje bila ufunguo, hilo ni jibu. Ukiwa na kufuli, au maboksi yamepangwa mbele yake, hilo pia ni jibu.

Kwa upande wa Unguja kuna tahadhari moja. Kazi si jambo la Muungano. Saa 45 na kikomo cha saa 50 zilizotajwa hapo juu ni za Bara. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira Na. 11 ya 2005 na Sheria ya Usalama na Afya Kazini Na. 8 ya mwaka huo huo. Mfuko wa Fidia wa Bara nao hauvuki bahari. Mwenye mkataba wa Fumba asinukuu sheria ya Dar es Salaam. Apeleke mkataba wake Kamisheni ya Kazi usomwe kwa sheria ya hapa. Njia ya kuhesabu thamani ya saa, hata hivyo, inasafiri popote.

Mwekezaji mdogo anayetia fedha katika karakana ya kushona naye ana la kujifunza. Akiona wafanyakazi watatu wa mfano wetu wakifanya saa 15 za ziada kila mmoja, hizo ni saa 45 kwa wiki, zinazogharimu 135,000. Mfanyakazi mmoja mpya kwa saa hizo hizo angegharimu 90,000, tena akiwa hajachoka, na mashine ile ile ikitumika zamu ya pili. Karakana inayoishi kwa ovataimu isiyolipwa inaonyesha faida ambayo kwa kweli ni deni kwa wafanyakazi wake. Kabla ya kuweka fedha, aombe daftari la mahudhurio na alilinganishe na orodha ya malipo. Vitabu hivyo viwili visipokubaliana, faida iliyoandikwa mwisho wa mwaka isiaminiwe.