Kuwasha Upya Si Kutengeneza

Mwandishi aliyedai kwamba kifaa cha mashambani kinahitaji saa-mlinzi tu, na kwamba kukipelekea programu mpya kupitia mtandao ni kujitafutia balaa, amesema nusu ya ukweli. Kitui wanavijua vifaa hivi: watafiti wa Oxford walivijaribu Kyuso, ndani ya mipini ya pampu za mkono, vikituma taarifa kwa ujumbe mfupi.

Tuchukue kifaa kama hicho kisimani Kibwezi, Makueni. Rekodi moja imeharibika kwenye kumbukumbu. Programu inaisoma kila inapowaka, inaganda. Saa-mlinzi ikikosa ishara kwa sekunde 8 inakiwasha upya; kinaisoma tena, kinaganda tena, hadi betri iishe. Fundi aliyeko Wote anaona kimya tu.

Dawa ni programu inayoruka rekodi mbovu, lakini kifaa kilichoganda kitaipokeaje? Kihesabu maanguko yake: yakifika matatu mfululizo, kiziache rekodi, kiwashe modemu na kuiuliza seva.

Hofu ya sasisho bovu ni ya haki, ila ina jibu: programu mpya iandikwe kando ya ile nzima. Kwenye ESP32, urejeshaji ukiwa umewezeshwa, programu mpya ikianguka kabla ya kuita `esp_ota_mark_app_valid_cancel_rollback()`, ya zamani hurudi. Wengi huiita mara tu kifaa kinapowaka, na hapo ndipo wanapoharibu. Iitwe baada ya seva kujibu. Isipojibu kwa muda uliopangwa, kifaa kijiwashe upya chenyewe. Programu inayowaka vizuri huku imeua modemu ndiyo itakayokupandisha pikipiki kwenda kisimani.