Safu ya Done haifungi kazi

Chukulia mnaundia hoteli ya Malindi mfumo wa buking. Ubaoni kadi zote 12 ziko Done, lakini ripoti ya toleo inasema 3 bado wazi, na mteja anashikilia malipo. Wasee, ripoti haidanganyi. Kwenye Jira, kuburuta kadi kunaweza kubadilisha hali yake tu. Ripoti inayohesabu kwa Resolution inaangalia sehemu hiyo, na ikiwa tupu, kadi inasomeka Unresolved. Zisakeni hivi:

```
statusCategory = Done AND resolution IS EMPTY
```

Kuzijaza moja moja si dawa, kesho zitakuja zingine. Mwambieni admini apange Resolution ijijaze kadi ikiingia Done, na ifutike ikirudishwa nyuma. Halafu daini pesa yenu.