Ujumbe wa Akiba: Usiangalie Asilimia Pekee

Ujumbe wa Jumapili ukikuambia "Umefikisha 30% ya lengo lako", usifurahi haraka. Asilimia haisemi kama umechelewa.

Tuseme unawekea karo ya Januari: shilingi 12,000 kwa wiki 12, yaani 1,000 kila wiki. Wiki ya 5 imeisha na una 3,600. Ni 30% kweli, lakini ulifaa kuwa na 5,000.

Kwa maoni yangu, hesabu ya maana ni hii: gawanya pesa iliyobaki kwa wiki zilizobaki. 8,400 kwa wiki 7 ni 1,200. Hiyo 200 ya ziada unaiweza. Ukikaa bila kuweka kitu hadi wiki ya 10 iishe, utatakiwa kuweka 4,200 kila wiki. Hapo ndipo watu huanza kukopa.